Okoth na jino la chwii: uchambuzi wa kisa cha mvulana aliyekataa kufungua mdomo

Usuli

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Kwanza mjini Kisumu, na huandika hadithi fupi za kuwasomea watoto kwa sauti. Kisa hiki kinahusu mvulana wa miaka sita ambaye nitamwita Elisha. Jina si lake, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha yeye, familia yake au kliniki aliyokwenda. Mama yake ameisoma taarifa hii na kuikubali.

Elisha alikuwa na tundu kwenye gego la chini upande wa kushoto, jino la utotoni. Akinywa maji baridi au akila peremende alikunja uso na kushika shavu, kisha baada ya sekunde chache maumivu yaliisha. Hakuwa amewahi kumwona daktari wa meno. Nyumbani wanaishi na babu yake, baba ya baba, ambaye Elisha humwita Kwaro na hulala naye chumba kimoja.

Safari ya kwanza haikufika ndani

Mama alimwambia wanaenda kununua viatu. Walipofika kliniki, Elisha aliona picha ya jino ukutani, akasikia mashine ikilia ndani, akaelewa. Alishika nguzo ya varanda. Mama na mlinzi walijaribu kumwachisha, akamuuma mlinzi mkono. Mama aliona aibu, akampakia kwenye boda wakarudi nyumbani. Tangu siku hiyo Elisha hakukubali hata kupigwa mswaki na mtu mwingine.

Mama alinijia siku ya pili baada ya vipindi. "Mwalimu, wewe ndiye anayekusikiliza," aliniambia. "Mwandikie hadithi. Labda hadithi itaingia pale mimi nimeshindwa kuingia."

Kabla ya kukubali nilimwomba apige simu kliniki aulize kama jino linaweza kungoja. Daktari aliuliza mambo manne: je, linauma lenyewe usiku, shavu au ufizi umevimba, kuna usaha, mtoto ana homa? Majibu yote yalikuwa hapana. Akasema wiki mbili zinavumilika, ila dalili moja kati ya hizo ikitokea aletwe siku hiyohiyo. Jibu lingekuwa tofauti nisingeandika chochote. Jino lenye usaha halingojei rasimu ya pili.

Rasimu ya kwanza, na kwa nini ilianguka

Niliandika usiku mmoja. Ilikuwa hadithi ya mvulana shujaa aitwaye Ouma, anayeambiwa na kila mtu asiogope kwa sababu haitauma hata kidogo. Anaingia, daktari anamtibu, anatoka akicheka.

Nilimsomea Elisha wakati wa mapumziko, pamoja na wenzake watatu. Kosa la kwanza lilijitokeza nilipofungua mdomo. Jina Ouma ni la kawaida kabisa huku kwetu, na kwenye karatasi halina tatizo. Lakini lisomwe kwa sauti ndani ya hadithi ya jino: "Ouma, haitauma." Watoto walisikia uma, uma, uma. Mmoja akaanza kuimba "Ouma inauma," wote wakadakia. Elisha peke yake hakuimba. Aliuliza swali moja tu: "Na yeye walimshika miguu?"

Sikulielewa swali hilo. Nilimjibu kwamba hakuna aliyemshika miguu, nikaendelea kusoma. Nilipomaliza alikuwa ameshageuka kutazama uwanja.

Mchoro

Kesho yake nilimpa karatasi na kalamu za rangi nikamwambia anichoree daktari wa meno. Nilitegemea kiti, taa, pengine sindano. Alichora mtu mrefu ameinama, ameshika chuma kirefu kama mwiko. Chini yake mtoto amelala ardhini chali. Watu wawili wamemshika, mmoja mabega na mwingine miguu. Pembeni alichora vitone sita vyeupe kwenye mchanga, kimoja kimoja, akivihesabu kwa kunong'ona.

Hapo ndipo swali la jana liliponijia. Kwaro hana meno sita ya mbele ya chini. Ni wa kizazi kile cha Wajaluo ambao bado walitolewa meno hayo wakiwa vijana, desturi inayoitwa nak, na mtu aliyeifanya kazi hiyo aliitwa janak. Kwa wazee wetu ilikuwa alama ya kuwa mtu mzima na wa jamii, na aliyelia aliaibika. Nilipomtembelea mzee jioni hiyo alinisimulia kwa fahari, na ana haki ya kujivunia. Wala hakumsimulia mjukuu wake ili kumtisha. Elisha ndiye aliyeuliza meno yamekwenda wapi, naye akamjibu ukweli wote: chuma, mchanga, vijana wawili wa kumshika.

Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa na picha kamili ya kung'olewa meno, tena kutoka kwa mtu anayemwamini kuliko wote. Hadithi yangu ilipigana na sindano ambayo yeye hakuifikiria kabisa. Na siku ile kwenye varanda watu wawili walimshika kweli, kama alivyosimuliwa.

Maamuzi kabla ya rasimu ya pili

Nilikwenda kliniki mwenyewe, nikaomba kukaa kwenye kiti na kuonyeshwa kila kitu kwa mpangilio ambao mtoto angekutana nacho. Madaktari wa meno wa watoto wana utaratibu wa zamani: mweleze, mwonyeshe, kisha ufanye kilekile ulichomweleza na kumwonyesha. Niliamua hadithi ifuate mpangilio huo hatua kwa hatua.

Uamuzi mzito zaidi ulihusu ahadi. Nilimwambia daktari kwamba sitaandika jambo lolote ambalo yeye hatalitimiza. Tulikubaliana mambo matatu. Siku ya kwanza ni kutazama na kuhesabu meno tu, bila tiba. Hakuna atakayemshika mtoto, isipokuwa mama kumshika mkono. Na mtoto akiinua mkono, daktari anaacha papo hapo, kila mara, hata kama amebakiza jino moja. Daktari alisita kwenye hilo la tatu, kwa sababu foleni yake ni ndefu na kuna watoto wanaoinua mkono kila sekunde. Mwishowe akatutengea saa ya mwisho ya alasiri.

Nilifuta neno "usiogope" popote lilipokuwa, na "haitauma" pia. Nilimfanya mhusika awe na miaka mitano, mdogo kwa Elisha, ili Elisha asimame upande wa anayejua. Jina likawa Okoth, ambalo halina mwangwi wa maumivu. Nilikuwa nimeandika pia "ukitaka nisimame", lakini mtoto mmoja wa darasa langu akauliza kwa nini daktari akae ilhali watu wamelala. Kwa Kiswahili kusimama ni kuacha kutembea na ni kunyanyuka vilevile. Nikaweka "ukitaka niache".

Mwisho nilimrudisha Kwaro ndani ya hadithi. Woga uliingia kupitia kwake, na sikuona busara kumwacha nje ya mlango.

Hadithi yenyewe, kama ilivyosomwa

Paukwa! Pakawa!

Okoth ana miaka mitano. Ana jino moja nyuma. Likiguswa na maji baridi, linasema: chwii!

Mama anasema, "Okoth, kesho tutaenda kwa daktari wa meno."

Okoth anafunga mdomo. Anaufunga ndi, kama chungu chenye kifuniko.

"Unaogopa?" Mama anauliza.

Okoth anaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Sawa," Mama anasema. "Tutaenda na woga wako. Tutaubeba."

Asubuhi wanapanda boda. Okoth amekaa mbele ya Mama. Woga umekaa tumboni mwa Okoth. Unarukaruka kama chura.

Wanafika. Kuna mlango wa bluu. Kuna benchi. Kuna harufu ya dawa. Ndani kuna sauti: zzzzz!

"Nini hiyo?" Okoth anauliza.

"Ni mashine ya kusafisha jino la mtu mwingine," Mama anasema. "Leo si yako."

Daktari anatoka. Amevaa barakoa. Anaishusha. Lo! Kumbe chini yake kuna mdomo, tena unatabasamu.

"Okoth, hiki ni kiti changu. Bonyeza hapa."

Okoth anabonyeza. Kiti kinapanda: uuuu! Anabonyeza tena. Kiti kinashuka: uuuu!

"Sasa sikiliza," daktari anasema. "Ukitaka niache, mkono juu!"

Okoth anainua mkono. Daktari anatulia tuli, kama mti. Okoth anashusha mkono. Daktari anatikisika. Mkono juu! Daktari tuli.

"Hiki ni kioo. Kiguse."

Okoth anakigusa. Ni baridi. Ni kidogo kama kijiko cha chai. Ndani yake anaona jicho lake.

"Kitaingia, kitatazama, kitatoka," daktari anasema. "Mama atashika mkono wako mmoja. Ule mwingine ni wa kuniambia niache."

Okoth anafungua mdomo. Kidogo. Chura anaruka tumboni.

Moja. Mbili. Tatu.

Mkono juu!

Daktari anaacha. Kioo kinatoka. Okoth anameza mate. Anapumua. Anashusha mkono.

Nne. Tano. Sita. Wanaendelea mpaka ishirini.

"Nimeliona jino la chwii," daktari anasema. "Lina tundu dogo. Siku nyingine tutaliziba. Leo tumehesabu tu."

Okoth anashuka kitini. Anausikiliza woga wake. Bado upo. Lakini umekaa chini. Haurukiruki.

Nyumbani Okoth anachukua kijiko cha chai.

"Kwaro, fungua mdomo. Nataka kukuhesabia meno."

Kwaro anafungua.

"Ukitaka niache, Kwaro, mkono juu!"

Siku sita za kusoma

Mama aliisoma kila usiku kwa siku sita. Kuisoma polepole huchukua kama dakika nne. Nilimwomba asimame kabisa kila penye "Mkono juu!" amngoje Elisha aliseme yeye. Usiku wa kwanza hakusema. Usiku wa pili alisema akiwa amejifunika blanketi. Usiku wa tatu alimwambia mama arudie pale kioo kinapotoka, akarudiwa mara tatu. Nadhani alikuwa anahakikisha kwamba kila mara kinatoka.

Usiku wa nne alileta kijiko. Kwaro, ambaye mpaka hapo alisikiliza hadithi kutoka kitandani kwake, alikaa na kufungua mdomo. Elisha alihesabu, akafika kwenye pengo la chini, akanyamaza. Mzee akainua mkono. Elisha akatoa kijiko. Kisha Kwaro akamwambia jambo ambalo mimi nisingeweza kuliandika: "Mimi sikuwa na mkono wa kuinua. Mikono yangu ilishikwa. Yako haitashikwa." Mama alinieleza hayo asubuhi langoni mwa shule, na sauti yake ilitetemeka.

Kliniki

Walikwenda watatu, Elisha, mama na Kwaro. Safari hii aliambiwa anakokwenda tangu jana yake. Mlangoni alisimama kwa muda mrefu. Hakuna aliyemvuta. Mlango haukuwa wa bluu, ulikuwa umepakwa rangi ya krimu wiki hiyohiyo, naye alilisema hilo kwa sauti ya lawama kabla ya kuingia.

Alibonyeza kiti. Alikishika kioo. Aliinua mkono mara ya kwanza kabla daktari hajagusa chochote, na daktari akatulia kama mti, kweli kama mti, mikono imening'inia hewani. Elisha alicheka. Aliinua mkono mara nne kwa jumla, na mara zote daktari alitii. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye jino la chwii lenyewe.

Daktari akamaliza: "Ishirini na mbili." Elisha akaketi wima. "Hadithi inasema ishirini!" Daktari akamwonyesha kwa kioo kingine magego mawili mapya yaliyochomoza nyuma kabisa chini, moja kila upande, meno ya ukubwani yanayotokea karibu na umri wa miaka sita nyuma ya yale ya utotoni bila jino lolote kung'oka kwanza. Alikubali, lakini alimtazama mama yake kama mtu aliyeuziwa kitu pungufu.

Siku nane baadaye alirudi kuzibwa tundu. Daktari alichagua kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono vilivyo kama vijiko vidogo sana, bila mashine na bila sindano ya ganzi, kisha kuziba kwa saruji ya meno inayotoa floridi taratibu. Njia hii ilianza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na humfaa mtoto kama huyu ambaye tundu lake halijafika kwenye mshipa. Elisha alilia kidogo mwanzoni, akainua mkono mara nyingi kiasi kwamba kazi ya robo saa ilichukua karibu dakika arobaini. Lakini mdomo aliufungua mwenyewe.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mkono ndio uliobeba kila kitu. Si kwa sababu uliandikwa vizuri, bali kwa sababu ulikuwa wa kweli kitini kama ulivyokuwa wa kweli kwenye karatasi. Daktari angeendelea hata mara moja tu baada ya mkono kupanda, mtoto angejifunza kwamba hadithi ni mtego mwingine kama viatu. Kwa mvulana ambaye hofu yake ilikuwa kushikwa, mkono ulio huru ulijibu swali lake hasa. Mtoto anayeogopa sindano angehitaji hadithi nyingine, na nisingempa hii nikidhani itamtosha.

La pili ni kuuacha woga uwepo. Katika rasimu ya kwanza shujaa haogopi, kwa hiyo Elisha hakuwa na nafasi humo. Okoth anaubeba woga wake hadi ndani na anarudi nao umekaa chini. Elisha alianza kuwaambia wenzake "chura wangu", na hivyo akapata namna ya kumwambia daktari hali yake bila kukiri kwamba anaogopa. Kitini daktari alimuuliza, "Chura anasemaje?" Akajibu, "Amelala nusu."

Na bila mchoro nisingefika popote. Nilipomuuliza kwa maneno unaogopa nini, alisema "sijui." Kalamu ilijua.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Namba ishirini ilikuwa uzembe wangu. Mtoto ana meno ishirini ya utotoni, hilo ni sahihi, lakini nilikuwa nikimwandikia mtoto wa miaka sita, umri ambao magego ya kwanza ya ukubwani huanza kutokea. Nilipaswa kumuuliza daktari. Mlango wa bluu ulikuwa kosa la aina hiyohiyo: niliuona, nikauandika, sikufikiri kwamba rangi hubadilika. Mtoto mwenye hofu husikiliza hadithi kama mtu anayesoma mkataba, na kila kisicholingana hudhoofisha kilichobaki. Kile chenye uhakika ndicho kinachofaa kubaki: kiti, kioo, mkono.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba hadithi iliishia siku ya kuhesabu. Okoth anaambiwa "siku nyingine tutaliziba," basi. Zile siku nane kati ya ziara mbili Elisha hakuwa na ukurasa wowote wa kushika. Akajazia mwenyewe: alisikia shuleni kwamba kuziba ni kupigiwa msumari, na mama hakuwa na jibu. Kilio cha siku ya pili nadhani kilitoka hapo. Ningekuwa nimeandika sehemu ya pili mapema, yenye kijiko kidogo kinachokwangua krr krr na ladha ya ajabu ya saruji, angekuja akijua sauti ya kungoja.

Kuna gharama pia ambayo kisa hiki hakiwezi kuificha. Tulipata saa ya mwisho ya alasiri na daktari aliyekubali kungoja. Kliniki yenye watu arobaini kwenye benchi haiwezi kuacha kazi kila mkono unapopanda, na kumsomea mtoto hadithi hii kisha kumpeleka mahali pasipoweza kuitimiza kungemdhuru kuliko kutomsomea. Tangu wakati huo wazazi wawili wameniomba nakala. Kila mmoja nimemwambia azungumze kwanza na daktari kuhusu mkono, na mmoja wao alirudi akasema daktari wake amekataa. Kwake niliifuta sehemu hiyo yote, nikaacha kiti, kioo na mama wa kushika mkono.

Hali ilivyo sasa

Kizibo kilikuwa mahali pake kilipokaguliwa miezi mitatu baadaye. Mama humpiga Elisha mswaki kila usiku, dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi, naye huinua mkono mara moja au mbili kwa mazoea. Rasimu ya tatu ya hadithi haina mlango wa bluu, na hesabu haitaji mwisho: daktari anahesabu "mpaka jino la mwisho kabisa." Sehemu ya pili, ya kuziba, nimeiandika na Elisha ndiye aliyechagua sauti za vifaa. Alikataa krr krr. Alisema kijiko kile husema "kwe, kwe," na kwa kuwa yeye ndiye aliyekisikia, nimeandika hivyo.